Jordi Alba hakupaswa kuwa na Wanyama

Celtic Park, 7 Novemba 2012, dakika ya 21. Charlie Mulgrew anapiga kona, mpira unavuka kundi zima hadi nguzo ya mbali, na Victor Wanyama anaugonga kichwa unampita Víctor Valdés. Beki aliyekuwa naye ni Jordi Alba. Wanyama ana urefu wa mita 1.88, Alba mita 1.70. Celtic waliifunga Barcelona 2-1, na tangu siku hiyo watu husimulia bao la kijana Tony Watt na jinsi Xavi alivyoukosa mpira uliozaa bao hilo. Kwangu mechi ilivunjika kwenye kona ile, na kosa halikuwa la Alba. Lilikuwa la mpango uliomweka pale.

Tusiwatetee Barcelona kwa kusema walikuwa wafupi. Ni kweli Carles Puyol alikuwa nje na jeraha la kiwiko, Gerard Piqué hakuanza, na katikati ya ngome walisimama Marc Bartra na Javier Mascherano. Lakini timu yenye watu wachache wa vichwa ndiyo inayolazimika kuwagawa kwa uangalifu zaidi. Tena walishaonywa: wiki mbili kabla, huko Camp Nou, Celtic walitangulia kufunga kupitia mpira wa adhabu wa Mulgrew huyohuyo, uliomtafuta Georgios Samaras. Mguu ulijulikana, na wapigaji vichwa wanaolengwa walijulikana.

Beki mfupi mwenye kasi ana kazi nyingi kwenye kona. Msimamishe mbele ya nguzo ya karibu azuie mpira wa chini. Mtume kwa mpigaji ili kona fupi isichezwe. Mweke ukingoni mwa kumi na nane awahi mpira uliookolewa na kuanzisha shambulizi. Mahali pekee ambapo hana cha kukupa ni nguzo ya mbali, mbele ya mtu anayemzidi sentimita 18. Mpira wa juu ukishavuka kundi la katikati, pale hakuna msaada tena. Kipa hafiki, mwenzako yuko mita nne nyuma ya mpira, na kinachobaki ni nani anaruka zaidi.

Kocha anayependa kukaba kwa eneo atasema kosa kama hili ndilo linalomfanya aache kukaba mtu kwa mtu. Ana hoja. Katika eneo, wapigaji vichwa wako bora watatu au wanne wanapanga mstari kwenye ukingo wa boksi dogo, mita tano na nusu kutoka golini, na hawatoki hapo hata mshambuliaji akikimbilia popote. Hakuna wa kumvuta beki wako mrefu nje, na hakuna wa kumzuia njiani, maana hana anayemfuata. Mpira unaoanguka kwenye eneo lake ni wake.

Ila mfumo huo una ugonjwa wake, na haufichiki. Beki wa eneo huruka kutoka aliposimama. Mshambuliaji huja kwa hatua nne au tano za mbio na kuruka akiwa na kasi, kwa hiyo humzidi hata anayelingana naye kwa urefu. Ugonjwa wa pili ni mshono kati ya beki mmoja na mwingine: mpira ukitua hapo, kila mmoja anamwachia mwenzake. Ukitaka kujua kama timu inaumwa hivi, tazama miguu ya mabeki wakati mpira uko hewani. Kama imeganda, bao liko njiani.

Mtu kwa mtu nako kuna mauti yake. Nani amesahau fainali ya Kombe la Dunia 1998? Dakika ya 27 Emmanuel Petit alipiga kona, Zinedine Zidane akamtangulia Leonardo na kufunga kwa kichwa. Leonardo alikuwa kiungo mwenye mguu wa dhahabu, na Brazil wakampa kazi ya beki. Kabla ya mapumziko Zidane akafunga tena, kona nyingine, kichwa kingine. Anayekaba mtu lazima atazame vitu viwili, mtu na mpira, na mshambuliaji mjanja huondoka pale macho yanapohamia kwenye mpira. Ukimshika jezi, siku hizi VAR inakuona. Ukimfuata, mwenzake anakuzuia njiani na umempoteza.

Ndiyo maana nimesema miaka yote kwamba ubishi wa eneo au mtu hauna maana kabla hujajibu swali moja: mpigaji kichwa wao bora atazuiwa na nani? Sisi Juba jibu tunalo, tena kwenye mpira wa kikapu. Mchezaji wa timu yetu iliyocheza Olimpiki ya Paris 2024 akigombea ribaundi haanzi kwa kuruka. Kwanza anampa mpinzani mgongo, anamfungia njia, kisha anatafuta mpira. Kwenye kona ni hivyo hivyo. Watu wawili au watatu wenye nguvu wanakutana na wakimbiaji hatari karibu na alama ya penalti, wanazikatiza zile hatua za mbio, na mstari wa eneo nyuma yao unabaki na mpira tu wa kushughulikia. Mshambuliaji akikosa mbio, faida yake imekwisha. Viwanjani kwetu, hata hivyo, naona kinyume: vijana warefu wanapangwa mstari na kuachwa wasubiri, kana kwamba urefu peke yake unaokoa.

Gharama ya kutojibu swali hilo Taifa Stars wanaijua. San-Pédro, 21 Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na Tanzania ilikuwa inaelekea ushindi wake wa kwanza katika historia ya fainali hizo. Dakika ya 88 Clatous Chama akapiga kona, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Msuva alimalizia vizuri na timu ilipigana, nakubali. Lakini hesabu inaniuma. Mtoe kipa wa Zambia na mpiga kona, wanabaki wanane, na hata wote wakiingia kwenye boksi, Tanzania ina kumi wa ndani pamoja na kipa. Unaweza kumpa kila mmoja mtu wake na bado una wawili wa eneo. Zaidi ya hapo, mguu wa Chama Watanzania waliujua kutoka Simba, na jina la Daka lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya hatari. Mtu huyo hapaswi kuwa wa kwanza kuugusa mpira. Ibrahim Sekagya wa Uganda na Nadir Haroub "Cannavaro" wa Yanga ningewapa kazi hiyo bila kusita, mmoja mbele yake na mwingine nyuma.

Kundi lile liliisha Morocco na pointi 7, Kongo 3, Zambia na Tanzania 2 kila mmoja. Kona moja ikikabwa vizuri, matokeo mengine yakibaki yalivyo, Tanzania inakuwa na 4 na inavuka ikiwa nafasi ya pili.

Kwa hiyo kocha wa Juba anayejiandaa kwa mechi aanze na wapinzani, kisha ndipo apange mfumo. Aandike majina matatu ya wapigaji vichwa wao, awape watu watatu wenye nguvu kuwazuia mbio, aweke wanne wa vichwa kwenye mstari wa boksi dogo, mmoja nguzo ya karibu, na wawili wafupi ukingoni. Mazoezini ahesabu kitu kimoja tu: nani ameugusa mpira wa kwanza. Akiona ni yule aliye kwenye orodha yake, abadilishe mtu, sio mfumo.