Butiama Kuna Makumbusho: Uchambuzi wa Sentensi ya Kirusi Iliyogeuzwa Kichwa Chini

Uamuzi wa kuipanga upya sentensi ya Kirusi ili ianze na kiima kabla ya kuitafsiri kwa Kiswahili ni uamuzi mbaya, na ubaya wake huonekana hata katika sentensi ya maneno matatu. Kirusi husema V Butiame muzey, yaani, neno kwa neno, "katika Butiama makumbusho", bila kitenzi chochote, kwa kuwa katika wakati uliopo lugha hiyo haihitaji kitenzi cha kuwa. Mfasiri aliyefundishwa kwamba kazi ya kwanza ni kuitafuta nomino iliyo katika umbo la kiima, na kazi ya pili ni kuitanguliza, huikuta muzey mwishoni, huivuta mbele, kisha huandika "Makumbusho yapo Butiama". Sarufi yake haina kasoro, na hata habari yenyewe ni ya kweli, maana makumbusho ya Mwalimu Nyerere yapo kijijini hapo. Lakini sentensi ya Kirusi haikusema hivyo. Ilisema "Butiama kuna makumbusho".

Tofauti hiyo si ya ladha wala ya mtindo. "Makumbusho yapo Butiama" humjibu mtu aliyekwisha kusikia habari za makumbusho fulani na sasa anauliza yako wapi, ilhali "Butiama kuna makumbusho" humjibu anayeijua Butiama, au anayepanga kwenda huko, na anauliza kuna nini. Kirusi kina sentensi kwa kila mmoja wao: wa kwanza huambiwa Muzey v Butiame, wa pili huambiwa V Butiame muzey. Maneno ni yaleyale matatu na miisho yake ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi tu, na nafasi hiyo ndiyo iliyobeba maana yote ya ziada. Mfasiri aliyeigeuza ya pili kuwa ya kwanza amemjibu mtu ambaye hakuuliza.

Wanaisimu wana majina ya sehemu hizo mbili. Ile inayotangulia, ambayo msomaji anaijua au anaweza kuikubali kuwa msingi wa mazungumzo, huitwa tema. Ile inayofuata, ambayo kwa ajili yake sentensi imesemwa, huitwa rema. Mgawanyo wenyewe ulikwisha kuelezwa na Mfaransa Henri Weil mwaka 1844, ukajengwa kuwa nadharia na Mcheki Vilém Mathesius katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mwaka 1976 Irina Kovtunova akatoa kitabu kizima juu ya mpangilio wa maneno ya Kirusi, ambacho hakimwachii msomaji nafasi ya kuamini kwamba maneno hayo hutupwa ovyo. Pamoja na hayo yote, vitabu vya wanaoanza bado hurudia kwamba mpangilio wa Kirusi ni "huru". Neno hilo limeharibu wanafunzi wengi kuliko miisho yote ya nomino ikijumlishwa. Mpangilio huo ni huru kwa upande wa sarufi peke yake, kwa maana kwamba mwisho wa nomino hutosha kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Kwa upande wa habari, umefungwa vilevile kama mpangilio wa lugha nyingine yoyote.

Asili ya kosa inafahamika. Wengi wa wanaojifunza Kirusi katika Afrika Mashariki hukipata kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hudai kiima kitangulie karibu kila mara. Mfasiri wa Kiingereza anapokivuta kiima mbele hupata hasara, lakini hasara hiyo hulipwa, kwa sababu lugha yake ina vijineno viwili vinavyosimama mbele ya nomino, kimoja cha kitu kisichojulikana bado na kingine cha kitu kinachojulikana. Kirusi hakina vijineno hivyo, na Kiswahili pia hakina. Kwa hiyo Mswahili anayeiga njia ya Kiingereza hupoteza mpangilio, kisha hubaki bila chochote cha kuziba pengo, isipokuwa kuongeza "fulani", "hicho" na "ile" kila mahali. Wingi wa maneno hayo katika tafsiri ni dalili ya kuaminika kwamba mfasiri amezigeuza sentensi bila kujua, naye anapambana na matokeo ya kazi yake mwenyewe.

Madhara huonekana vizuri zaidi sentensi zinapofuatana. Kwa ajili ya uchambuzi huu imetungwa taarifa fupi, na maneno yake, ambayo Warusi huyaandika kwa alfabeti ya Kisirili, yameandikwa hapa kwa herufi za Kiswahili kadiri matamshi yanavyoruhusu: Na beregu ozera Viktoriya stoit gorod Musoma. V gorode yest port. V port prishyol parokhod. Parokhod privyoz tsement. Kila sentensi inaanza pale iliyotangulia ilipoishia. Mji unaingia mwishoni mwa sentensi ya kwanza, kisha unakuwa mwanzo wa ya pili. Bandari inaingia mwishoni mwa ya pili, kisha inaanza ya tatu. Meli vivyo hivyo, hadi saruji inapotokea mwishoni kabisa. Mcheki mwingine, František Daneš, aliueleza mwendo huu wa tema kushika mkono wa rema iliyotangulia, na katika maandishi ya maelezo ni mwendo wa kawaida sana.

Tafsiri ya anayetanguliza kiima huwa hivi: "Mji wa Musoma uko ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Bandari ipo mjini. Meli iliingia bandarini. Meli ilileta saruji." Sentensi ya kwanza inavumilika, kwa kuwa Musoma ni jina linalojulikana. Ya pili ndiyo inayoangusha kila kitu, kwa sababu msomaji anaambiwa mahali ilipo bandari ambayo hajaelezwa kwamba ipo, naye hulazimika kurudi nyuma kutafuta ilitajwa wapi. Ya tatu inamletea meli kana kwamba alikuwa akiingoja. Ni sentensi ya nne peke yake iliyonusurika, nayo imenusurika kwa bahati, kwa kuwa katika Kirusi kiima chake kilikuwa mwanzoni tangu awali. Hakuna neno lililotafsiriwa vibaya, na kamusi yoyote ingempa mfasiri alama zote. Hata hivyo taarifa imekatika vipande.

Kiswahili kinayo njia yake ya kufuata mwendo uleule bila kujikaza: "Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upo mji wa Musoma. Mjini humo kuna bandari. Bandarini iliingia meli. Meli hiyo ilileta saruji." Kiima kimewekwa baada ya kitenzi, mahali pametangulizwa, na upatanisho wa ngeli umebaki salama. Wasemaji hufanya hivyo kila siku wanaposema "nyumbani kumekuja wageni", ambapo kitenzi kimepatana na mahali na wageni wamebaki mwishoni kama habari mpya. Inashangaza kwamba mtu anayeitumia sentensi hiyo nyumbani kwake Bunda bila kufundishwa, akikutana na umbo kama hilo katika Kirusi, huliona kuwa fujo linalohitaji kunyooshwa.

Mambo huwa magumu zaidi pale yambwa, yaani kitendwa, inapotangulia. Ikiulizwa ni nani aliyeitafsiri tamthilia ya Juliasi Kaizari, Kirusi hujibu «Yuliya Tsezarya» perevyol Nyerere, na mtendaji hukaa mwishoni kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa. Kuandika "Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari" ni kujibu swali jingine, la kazi aliyoifanya Nyerere. Kiswahili kina majibu mawili yanayofaa: "Tamthilia hiyo ilitafsiriwa na Nyerere", kwa kutumia kauli ya kutendwa, au "Tamthilia hiyo aliitafsiri Nyerere", ambapo kiambishi -i- ndani ya kitenzi huonyesha kwamba tamthilia ndiyo iliyotendwa ingawa imetangulia. Kwa kadiri hii kiambishi hicho hufanya kazi ambayo Kirusi hukiachia kiishio cha nomino. Nyerere mwenyewe, aliyetoa tafsiri hiyo mwaka 1963 na kuitoa tena ikiwa imesahihishwa mwaka 1969, alikuwa na subira ya kuirudia sentensi ambayo wafasiri wa siku hizi hawana.

Njia hiyo ya pili ina mpaka wake. Sentensi Uchitelya pozval uchenik ina maana kwamba aliyeita ni mwanafunzi na aliyeitwa ni mwalimu, kwa kuwa kiishio -ya cha uchitelya ni cha kitendwa. Katika Kiswahili mwalimu na mwanafunzi wote ni wa ngeli moja, kiambishi -m- hakiwatofautishi, na "Mwalimu alimwita mwanafunzi" humgeuza aliyeitwa kuwa aliyeita. Hapa kauli ya kutendwa ndiyo pekee inayookoa mpangilio na ukweli kwa pamoja: "Mwalimu aliitwa na mwanafunzi". Katika sentensi ya namna hii kukitafuta kiima kwanza ni hatua sahihi kabisa kwa ajili ya kuelewa. Kosa linaanza pale kinapohamishwa.

Wala isidhaniwe kwamba kila neno la mwisho la Kirusi lazima liwe la mwisho katika Kiswahili. Poshyol dozhd, ambayo huweka kitenzi mbele na mvua nyuma, haina tema. Tukio zima ni jipya, na "Mvua ilianza kunyesha" huitosheleza bila kugeuza lolote. Katika mazungumzo yenye hisia rema yaweza kuruka mbele ikipewa mkazo wa sauti, jambo ambalo Yelena Bryzgunova alilieleza katika uchunguzi wake wa viimbo vya Kirusi, na ambalo maandishi hayawezi kulionyesha vizuri. Tena kuna ubadilishaji usiohusu habari mpya hata kidogo: pyat chasov ni saa tano za muda, ilhali chasov pyat ni kama saa tano hivi, kwa kukadiria. Anayeihesabu hiyo kuwa rema atapotea.

Kipimo cha kuyatenganisha hayo ni swali. Kabla ya kuitafsiri sentensi, mfasiri aiulize inajibu nini, kisha aiandike sentensi ya Kiswahili inayojibu swali hilohilo, hata kama kiima kitaangukia mwishoni. Cherez Bundu idyot doroga v Musomu ikijibu swali juu ya Bunda, itafaa "Bunda inapitiwa na barabara ya kwenda Musoma". Doroga v Musomu idyot cherez Bundu ikijibu swali juu ya barabara, itafaa "Barabara ya kwenda Musoma inapita Bunda". Waandishi wa vitabu vya Kirusi kwa wasomaji wa Kiswahili wanaombwa kulitoa somo hili katika sura za mwisho, ambako huwekwa kama pambo la mtindo, na kulipeleka katika somo la kwanza la sentensi isiyo na kitenzi, kabla mwanafunzi hajafundishwa kuvuta kiima mbele.