Katika Sifa ya Kupakata Udi

Picha aliyoniletea mpwa wangu ilikuwa ya kahawia iliyopauka, nayo ilimwonyesha babu yake mzaa baba, amevaa kanzu na koti, ameketi juu ya kiti kisichokuwa na mikono, amepakata ala ya nyuzi ambayo kichwa chake, kwa jinsi kilivyoonekana, kilikuwa kimekatwa. "Mjomba," akauliza, "hili ni gambusi, au ni gitaa lililovunjika?" Nikamjibu kuwa si hili wala lile, na kwamba hicho kichwa alichodhani kimekatwa ndicho shahidi wa kwanza: kichwa cha udi hukunjwa kuelekea nyuma, karibu na pembe mraba, hata mpiga picha akisimama mbele ya mwanamuziki huiona shingo tu, kisha haoni kitu.

Shahidi wa pili ni shingo yenyewe, ambayo ni fupi na laini tupu, haina vile vyuma vyembamba vilivyopandwa kupita shingo ya gitaa au mandolini ili kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Wa tatu ni uso wa mbao nyembamba wenye tundu tatu, moja kubwa na mbili ndogo, zilizozibwa kwa nakshi, na nyuma yake tumbo la mviringo lililoungwa kwa mbavu nyingi za mti. Gambusi, ambalo tulilipokea kutoka Yemeni na ambalo Wangazija wanalo hata leo, huchongwa kwa gogo moja, tumbo lake huwambwa ngozi, na kichwa chake hupinda kama mundu. Mwenye kuona ngozi pichani asiseme udi. Na mwenye kuona mbavu na nakshi asiseme gambusi.

Likabaki jambo moja la kumtatiza kijana: babu alikuwa ameshika risha kwa mkono wa kushoto, ilhali ukoo mzima hukumbuka kuwa alikuwa akipiga kwa kulia. Nikamwambia atazame mfuko wa kifuani wa koti, ambao mafundi cherehani huushona upande wa kushoto wa mvaaji. Katika picha ile ulikuwa upande wake wa kulia. Basi picha ilichapishwa kinyume, na lau angejifunza kukaa kwa kuiiga, angejifunza yote upogo.

Udi si mgeni kwetu. Tangu Seyyid Barghash alipotawala Unguja, kuanzia 1870 hata 1888, muziki wa Misri ulikuwa na mahali pake katika jumba la Sultani, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Lakini sifa ninayotaka kuitoa hapa si ya tarikhi. Ni ya fundi wa kale aliyekitengeneza chombo hiki kwa namna ambayo kila alama tunayoutambulia udi pichani ndiyo pia inayomwamuru mwanafunzi namna ya kuupakata, kuulinganisha na kuupiga.

Tumbo la mviringo huteleza. Kwa hiyo mwanafunzi na aketi kwenye kiti kisicho na mikono, aweke mguu wa kulia juu ya kijigoda, aulaze udi pajani mgongo wake ukielekea tumboni mwake, kisha auzuie kwa kigasha cha mkono wa kulia kinachokandamiza ncha yake ya chini. Mkono wa kushoto haubebi chochote. Anayetaka kujijaribu na auondoe mkono huo kabisa: udi ukibaki ulivyo, amekaa vema, shingo ikianguka, basi alikuwa akiishikilia, na vidole vinavyoshikilia haviwezi kukimbia. Kosa jingine, ambalo nadhani ndilo linalowapata wengi, ni kuuinamisha udi kwa nyuma ili uso wake uonekane na vidole vitazamwe. Uso na usimame wima. Shingo isiyokuwa na vyuma haina cha kutazamwa. Hakimu wake ni sikio.

Na sikio haliwezi kuhukumu kabla nyuzi hazijalinganishwa. Udi wa Kiarabu huwa aghalabu na nyuzi kumi na moja: mmoja mnene peke yake, ulio karibu na uso wa mpigaji, kisha jozi tano. Mpango unaofaa kwa anayeanza, kutoka nene kwenda nyembamba, ni do, fa, la, re, so, do. Kila jozi ilinganishwe uzi kwa uzi: uzuie mmoja kwa kidole, uulinganishe mwenzake na kinanda au kodiani, kisha uuachie ule wa kwanza na uupandishe mpaka zile sauti mbili, ambazo zikihitilafiana hutoa mawimbi yanayopwita, zipunguze mpwito na kuwa moja. Daima pandisha kutoka chini. Ukipitiliza, legeza chini ya sauti uitakayo kisha upande tena. Vigingi ni mti mtupu, havina meno, basi visukume ndani huku ukivizungusha. Kinachoteleza hupakwa chaki, na kinachokwama hupakwa sabuni kavu. Nyuzi mpya za nailoni huendelea kunyooka siku kadhaa, wala hilo si ila ya udi. Ila ni kufunga nyuzi za chuma za gitaa, ambazo mvuto wake waweza kukibandua kile kijiti kinachozishika usoni, au kuubonyeza uso wenyewe.

Hapa ndipo ninaposhangazwa zaidi na yule fundi wa kale. Shingo ya udi uliotengenezwa kwa kipimo ni thuluthi ya urefu wa uzi: kama uzi una sentimita 60, shingo ina 20. Basi ukibonyeza jozi ya re pale shingo inapokutana na tumbo, utapata la, nayo ni sawa na la iliyo wazi, ila ni ya juu zaidi kwa oktavu moja. Zikikataa kupatana, jozi mojawapo haijalingana, au udi wenyewe si wa kipimo.

Risha ni utepe mrefu unaopindika, zamani unyoya wa tai, siku hizi plastiki, unaolala ndani ya kiganja na kutokeza ncha baina ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Kifundo cha mkono kikunjwe, risha ishuke kwa uzito wa mkono na kutua juu ya jozi inayofuata. Siku za mwanzo piga kwenda chini tu, jozi wazi, kila jozi mara nyingi, mpaka nyuzi mbili zilie pamoja.

Kisha tafuta mwanzo wa makamu ya Rasti. Kwa uzi ule wa sentimita 60, kwenye jozi ya la, kidole cha pete, kama sentimita 9 na nusu kutoka kichwani mwa shingo, hutoa do. Re iko wazi. Mi hubonyezwa kwa kidole cha kati kama sentimita 5 katika jozi ya re. Fa kwa kidole cha pete, mahali pale pale ilipokuwa do. Na so iko wazi. Mi hiyo haimo katika kinanda: ukiisogeza mbele hata sentimita 6 na nusu imekuwa ya Kizungu, ukiirudisha nyuma hata 3 na nusu imekuwa ya huzuni. Anayesikiliza taarabu tangu utotoni ataijua itakapolia. Msomaji mwenye udi nyumbani, anza na sauti hizi tano, upande nazo na ushuke nazo, na wimbo wako wa kwanza uutafute humo humo.