Ustadi wa Kukadiria Karamu ya Watoto

Mpishi wa pilau husifiwa kwa harufu ya sufuria yake, na fundi wa keki husifiwa kwa mapambo ya sukari yaliyo juu ya kazi yake, lakini mtu aliyekaa siku mbili kabla ya karamu na kalamu na karatasi mkononi, akakadiria mchele, vikombe, vifuko vya zawadi na mapambo ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, aghalabu hapati sifa, maana kazi yake ikitimia haionekani: kila mtoto amekula, amekunywa, na amekwenda kwao na kifuko mkononi, wala hakuna aliyeuliza imekuwaje. Nataka kumsifu mtu huyo, kwa sababu ustadi wake ni wa hakika na una kanuni zake.

Watu wa pwani walijua tangu zamani kupima chakula kwa idadi ya vichwa. Kibaba kimoja cha nafaka kilikuwa posho ya mtu mzima kwa siku moja, na vibaba vinne vilifanya pishi. Mwenye safari aliyejua idadi ya wapagazi na idadi ya siku alijua pia pishi za kuchukua. Karamu ya watoto haikubali hesabu nyepesi namna hiyo. Kinywa cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima, lakini mikono yake hutumia vyombo vingi zaidi, na moyo wake hauvumilii upungufu ambao mtu mzima angeusitiri kwa adabu. Kwa hiyo mkadiriaji hodari hana idadi moja ya wageni, bali anazo kadhaa, na kila kitu anachonunua hukipeleka kwenye idadi yake.

Na tutazame nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, ambayo mtoto wake anatimiza miaka sita. Wamealikwa watoto 24, wa darasani na wa majirani, na nyumbani wamo wanne pamoja na mwenye siku yake. Asiye na mazoea atasema 28 na kwenda sokoni. Mkadiriaji hujua kwamba katika waalikwa 24 watakosekana kama wanne, kwa homa, kwa safari au kwa mzazi kusahau. Hujua pia kwamba watakuja wadogo zao wasioalikwa, wameshikwa mkono na dada au wamebebwa mgongoni, nao hawawezi kurudishwa mlangoni. Huwawekea nafasi ya watu sita. Hivyo watoto huwa 30. Kisha huuliza umri wao, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu haji peke yake, ilhali wa miaka minane huweza kuja na wenzake watatu nyuma ya mtu mzima mmoja. Kwa mtaa huu hukadiria waletaji 12, na watu wa nyumbani pamoja na wapishi sita. Watu wazima ni 18.

Hapo ndipo chakula kinapopata kipimo. Mtoto wa umri huo, akiwa amepewa sambusa mbili kabla ya pilau, hutosheka na gramu 80 za mchele mkavu, na mtu mzima hutosheka na gramu 150. Kwa hesabu hiyo kilo tano na gramu 100 za mchele zinatosha nyumba yetu, na nyama kilo mbili na nusu, iliyokatwa vipande vidogo ili kila sehemu iwe na nyama yake. Lakini kipimo hicho kina sharti ambalo wengi hulisahau, nalo ni mpangilio wa vyakula. Watoto hula kwa hamu katika nusu saa ya kwanza. Keki ikitangulia, pamoja na pipi na juisi, pilau litabaki karibu nusu, na pilau lililobaki katika joto la Tanga si akiba, kwa sababu wali uliokaa vuguvugu kwa saa kadhaa huharibika na kudhuru tumbo, hata kama harufu yake haijabadilika. Kwa hiyo anayetaka keki ianze hana budi kupunguza mchele tangu sokoni, wala asingoje kushangaa jioni.

Namna ya kupakua nayo hubadilisha hesabu, na hapa napenda kusema kwamba sinia la wazee wetu ni chombo chenye hekima kubwa. Watoto 30 waliokaa mkekani kuzunguka masinia matano, sita kwa kila sinia, huweza kumpokea mtoto wa saba bila mtu kuhisi, kwa kuwa kila mmoja husogea kidogo na mkono mmoja huongezeka. Sahani 30 zilizopakuliwa mojamoja hazina rehema hiyo: mtoto wa 31 humfanya mama mwenye nyumba apunguze sahani nyingine mbele ya macho ya mwenyewe. Anayechagua sahani aongeze tano au sita tupu, na aache sehemu ya chakula sufuriani bila kupakuliwa.

Juisi ni hesabu ya kinywa, lakini vikombe ni hesabu ya mikono, na ukizichanganya hizi mbili utapungukiwa na zote mbili. Mtoto hunywa, huweka kikombe chini, hukimbilia mchezo, na akirudi hakitambui tena kikombe chake kati ya kumi vinavyofanana. Huchukua kipya, na kile cha kwanza humwagwa na juisi iliyobaki ndani yake. Ishara ya ugonjwa huu huonekana mapema: meza ina vikombe vingi vilivyojaa nusu, na wakati huohuo mtu anapiga kelele kuwa vikombe vimekwisha. Dawa yake ni wino. Jina la mtoto, au alama yake kwa asiyejua kusoma, iandikwe kikombeni anapopokea mara ya kwanza, na kikombe cha mililita 200 kijazwe mililita 150 tu. Kwa mtoto mmoja vikombe viwili vya kiasi hicho, na kwa mtu mzima robo lita, nyumba yetu huhitaji lita 13 na nusu. Fundi hutengeneza 15 kwa ajili ya joto, na huweka maji safi pembeni. Vikombe visivyoandikwa majina vingehitajika viwili kwa kila mtoto na kimoja kwa kila mtu mzima, yaani 78, na kwa kuwa vikiuzwa kwa pakiti ya 50 lazima zinunuliwe mbili, hubaki 22, ambavyo havina hasara, maana kikombe kikavu hungoja karamu nyingine bila kuoza. Huu ndio mpaka anaoufuata mkadiriaji: kinachodumu hukizidisha, na kinachoharibika hukibana.

Keki humtia mtu katika gharama isiyo na lazima. Keki ya mstatili yenye sentimita 30 kwa 40, ikikatwa vipande vya sentimita tano kwa tano, hutoa vipande 48, nayo ni sawasawa na watu wetu, 30 na 18. Walakini kipande cha kwanza hukatwa kikubwa, kwa kuwa mtoto atawalisha wazazi na bibi na babu, kila mmoja tonge lake, na pembeni mna makombo yasiyoweza kuandikwa sehemu ya mtu. Fundi mwenye busara haongezi keki iliyopambwa. Hufanya ya pili, ya kawaida, isiyo na sukari ya juu, ikakatwa mapema jikoni na kupelekwa kwa watu wazima, na ile ya mezani ikabaki na uzuri wake kwa watoto.

Nimefika kwenye vifuko vya zawadi, mahali panapopima ustadi wa mkadiriaji kuliko pengine pote, kwa sababu chakula kikipungua kidogo hugawanywa, lakini kifuko kimoja kikipungua kuna mtoto mmoja anayelia mlangoni, na kilio hicho ndicho kitakachokumbukwa. Kosa la kwanza ni kuandika majina juu ya vifuko. Jina hufaa kikombe. Kwenye kifuko humtenga mtoto asiyealikwa, ambaye atayaona majina ya wenzake na hataliona lake. Kosa la pili ni kuamua idadi ya vifuko kwanza na kutafuta vya kujaza baadaye. Vitu vya kujaza huuzwa kwa pakiti na kwa dazeni, na pakiti ndiyo inayostahili kutoa amri. Nyumba yetu ina watoto 30 na inataka vifuko vya akiba. Ingesema 34, kila kifuko pipi tatu, ingehitaji pipi 102 na pakiti ya 100 isingetosha, ikalazimu kununua nyingine kwa ajili ya pipi mbili. Ikisema 33, pipi 99 hutoka katika pakiti moja na hubaki moja. Dazeni tatu za penseli hutoa 36 na hubaki tatu. Na akiba ya vifuko vitatu ipo. Vilivyomo ndani viwe vya aina moja, hata rangi ikiwezekana, kwani mpira mwekundu na mpira wa kijani huwa sawa kwa muuzaji tu. Kwa wadogo wa chini ya miaka minne kiwekwe kando kifungu cha vifuko visivyo na pipi ngumu wala karanga, ambazo huweza kuwakaba. Vifuko vyenyewe viwe vya karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na karatasi ya kaki hukunjwa nyumbani kwa gundi kidogo. Mtu mmoja tu ndiye agawe, akiwa mlangoni, wakati wa kuaga, na ahesabu vichwa mkekani kabla keki haijakatwa, wakati bado kuna nafasi ya kumtuma kijana dukani.

Mapambo hayana haja na idadi ya wageni, isipokuwa puto moja la kila mtoto kuondoka nalo. Ukuta ndio hupimwa. Kamba ya mita tano, yenye pembetatu za karatasi kila sentimita 25, huchukua pembetatu 20, wawe wageni kumi au mia. Maputo yapulizwe asubuhi ya siku yenyewe na yatundikwe kivulini, kwa kuwa jua hupanua hewa iliyomo na kuyapasua; na vipande vya puto lililopasuka viokotwe mara moja, kwani mtoto mdogo huvitia kinywani na vikaziba pumzi yake.

Karatasi ya hesabu isitupwe jioni ile. Mwenye nyumba aandike juu yake ni watoto wangapi waliofika, pilau kiasi gani limebaki, vikombe vingapi na vifuko vingapi, kisha aihifadhi pamoja na vyeti vya mtoto. Mwaka ujao wadogo wasioalikwa watakuwa wachache, na kadiri waalikwa wanavyokaribia miaka kumi, gramu 80 hazitawatosha tena. Atakayekuwa na karatasi hiyo ataongeza mchele na kupunguza waletaji.