Namba Kubwa, Fremu Ndogo

Ndani ya mkono wa miwani nyingi pamechapwa tarakimu ambazo wavaaji wengi hawajawahi kuzisoma: kwa mfano 54, kisha kijisanduku, kisha 18, na mwisho 140. Ya kwanza ni upana wa jicho moja la fremu kwa milimita. Ya pili ni upana wa daraja, yaani nafasi kati ya macho mawili ya fremu, pale juu ya pua. Ya mwisho ni urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Mtu wa hasi 1 au hasi 2 anaweza kuzipuuza na kuchagua kinachompendeza. Mtu wa hasi 8 hana nafasi hiyo. Kwake yeye tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazoamua kama atavaa miwani au atabeba vigae viwili usoni, na fundi anayejua kuzisoma ni wa kushukuriwa kuliko kabati zima la lenzi za bei mbaya.

Lenzi ya hasi, ile ya wasioona mbali, ni nyembamba katikati na hunenepa kadiri unavyoelekea ukingoni. Ila hainenepi polepole kwa mstari ulionyooka. Unene wa ziada hufuata umbali kutoka kitovu cha lenzi uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipunguza umbali huo kwa robo moja tu, unene wa ziada hushuka kwa zaidi ya theluthi. Hapo ndipo ilipo kazi yote. Fundi hawezi kubadilisha namba aliyoandika daktari, wala hawezi kuisogeza mboni ya mtu. Anachoweza ni kuchagua ukingo uishie wapi.

Niliwahi kukaa mchana mzima katika duka dogo la miwani Dar es Salaam, nikimtazama fundi mmoja mtu mzima akimhudumia binti wa sekondari aliyekuja na mama yake. Macho yote mawili hasi 8. Binti alikuwa ameshajichagulia fremu pana ya pembe nne, nyeusi, ya 54 na daraja 18. Ilimkaa vizuri, hakuna ubishi. Fundi hakumkatalia. Alichukua rula, akaiweka juu ya pua ya binti, akamwambia amtazame jicho moja kisha la pili, akapima kutoka mboni hadi mboni. Milimita 62.

“Mwanangu, hii fremu nzuri,” akasema, “lakini njoo uone jambo.”

Akaandika kwenye bahasha. Kutoka katikati ya jicho moja la fremu hadi katikati ya la pili ni 54 na 18, jumla 72. Mboni za binti ziko kwenye 62. Tofauti ni 10, kwa hiyo kila mboni imekaa milimita 5 upande wa pua kuliko katikati ya fremu. Kitovu cha lenzi lazima kikae mbele ya mboni. Upande wa sikio, basi, lenzi itajinyoosha nusu ya 54, ambayo ni 27, na zile 5 juu yake: milimita 32 kutoka kitovu hadi ukingo. Kwa plastiki ya kawaida, ile ya 1.50, ukingo huo unafika milimita 10. Mkono wa fremu haufungi vizuri, maana unagonga lenzi kabla haujalala.

Kisha akashusha fremu ya pili kutoka rafu ya juu, ya mviringo kidogo, 46 na daraja 18. Jumla 64. Mboni za binti ziko milimita 1 tu ndani ya katikati. Umbali hadi ukingo wa sikio ni 24. Lenzi ileile ya plastiki ya kawaida sasa inaishia kwenye milimita 6 na nusu hivi.

Mama akauliza kama ile kubwa haiwezi kuwekewa lenzi nyembamba. Inaweza, akajibu fundi. Ukiweka lenzi ya 1.67 katika fremu kubwa, ukingo unakuja milimita 7 na nusu. Alisema hivyo taratibu ili mama alinganishe mwenyewe: lenzi ya gharama kubwa katika fremu kubwa ni nene kuliko lenzi ya kawaida katika fremu ndogo. Nimewaona watu wakilipa pesa nyingi kwa lenzi nyembamba kisha wakashangaa mbona bado nene, kumbe waliponzwa na fremu.

Umbo nalo lina neno lake. Pembe nne zina kona, na kona ni mahali pa mbali zaidi na kitovu, kwa hiyo ndipo lenzi inaponenepa kupita kiasi. Mviringo, au yai lililolala, halina kona ya kujificha.

Hesabu ya ukubwa, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unaanzia kwenye pua.

Fremu nyingi za plastiki zinazoletwa zimekatwa daraja kwa pua iliyoinuka na nyembamba tangu kati ya macho. Uso wenye daraja la pua la chini na pana, kama nyuso zetu nyingi, hauipi fremu hiyo pa kukalia. Inateleza mpaka ikutane na mashavu, na mtu akicheka miwani inapanda. Kwa namba ndogo hilo ni kero tu. Kwa hasi 8 ni kosa la macho. Daktari alipima lenzi ikiwa karibu na jicho, tuseme milimita 12. Miwani ikiteleza milimita 4 mbele, ile hasi 8 inafanya kazi kama hasi 7.75, na ubao wa darasani unaanza kufifia. Ukimwona mtu anasukuma miwani juu kila anapotaka kusoma kitu cha mbali, usidhani ni mazoea. Anarudisha robo ya namba aliyoipoteza.

Fundi alimvalisha binti ile 46 ya plastiki na kumwambia atabasamu. Fremu ikagusa mashavu. Akamwambia ainame kama anayefunga kamba za viatu, nayo ikakimbilia ncha ya pua. Hapo akanifundisha kitu ambacho sikukijua: dawa si kubana mikono nyuma ya masikio, ingawa wengi hufanya hivyo. Mkono uliobanwa sana huivuta miwani dhidi ya pua isiyoweza kuishika, na mwisho wa siku mtu ana maumivu nyuma ya sikio na miwani bado iko chini. Uzito unatakiwa kubebwa na pua, na pua ibebe kwa eneo pana.

Akatoa fremu ya chuma yenye pedi mbili za silikoni zilizoshikwa na vikono vyembamba, ambavyo koleo dogo linaweza kuvipinda. Alivitanua, akavishusha kidogo, akazigeuza pedi mpaka uso wake wote ulale kwenye ngozi. Akamwacha binti nayo kwa muda, kisha akaivua na kutazama alama. Pedi iliyolala sawasawa huacha alama hafifu ya yai zima pande zote mbili. Ikiacha mstari mwekundu juu tu au chini tu, inakanyaga kwa ukingo wake, na baada ya saa chache mahali hapo patauma. Nilimwona akirudia kupinda na kutazama bila haraka, na mama hakumharakisha.

Sasa mambo mawili yakagongana. Chuma kinashika pua, lakini ukingo wake ni mwembamba na lenzi nene inatokeza mbele na nyuma. Zaidi ya hapo, upande wa pua lenzi ya hasi 8 ina unene wake pia, na unene huo unasukumana na vikono vya pedi. Asetati, ile plastiki nzito inayotokana na selulosi ya pamba au mbao, ina ukingo mpana unaoficha unene, na inakubali kupindwa kwa joto na kubaki ilivyopindwa. Fremu nyepesi za nailoni zinazosifiwa kuwa hazivunjiki haziko hivyo. Unazipasha, unazipinda, zinarudi zilivyokuwa. Nazo fremu za chuma cha bei ndogo, katika jasho na chumvi ya Pwani, hupata kutu ya kijani chini ya pedi, na wapo ambao ngozi yao huwashwa na nikeli. Titani haina shida hizo na ni nyepesi mno, ila bei yake haikuwa ya siku ile.

Fundi alichukua ile 46 ya asetati, akasaga vipande vyake vya plastiki vinavyokaa puani, akatoboa matundu membamba na kuweka vikono vya chuma vyenye pedi. Ni kazi inayotaka mkono uliotulia, maana tundu likitoka upande, fremu imekwisha. Hivyo binti alipata ukingo mpana na pua iliyoshikwa. Kisha akaipasha mikono na kuinyoosha mpaka lenzi zote mbili zikae kimo kimoja. Kwa namba kama hii, jicho moja likitazama milimita 2 juu zaidi ya kitovu kuliko lenzake, picha mbili zinaachana kwenda juu na chini kiasi cha kuleta kichwa kuuma, na mgonjwa atalaumu namba.

Ilibaki lenzi. Mama, akiwa ameshawishika kwamba nyembamba ni bora, aliulizia ya 1.74, nyembamba kuliko zote dukani. Fundi akarudi kwenye bahasha. Katika fremu hii ya 46, lenzi ya 1.60 itatoa ukingo wa milimita 5 na robo hivi. Ya 1.67 itatoa karibu 5. Ya 1.74 itatoa 4 na nusu na kidogo. Akafungua vidole viwili kuonyesha tofauti ya hizo mbili za mwisho, na nafasi kati ya vidole ilikuwa ngumu kuiona.

“Mama, kwa fremu ile kubwa ningekuelewa,” akasema. “Kwa hii utalipia unene wa ukucha. Halafu hizi nyembamba sana zinatawanya rangi zaidi. Akitazama kwa pembeni, maandishi meusi yanaota kingo za buluu na chungwa. Ya 1.60 ni safi zaidi.”

Mama akakubali 1.60. Fundi akaandika kwenye fomu namba, kisha 62, tena akaigawa: 31 kulia, 31 kushoto, baada ya kupima upya kila jicho kutoka katikati ya pua. Kimo cha mboni alikipima fremu ikiwa tayari imekaa kwenye pua ya binti, si kabla. Akatia alama kwa kalamu ya wino kwenye lenzi za maonyesho, akamwambia binti asimame na kutazama mlango, akakagua alama zile kwa kuinama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya binti. La kushoto lilikuwa juu kidogo. Akafuta, akairekebisha pedi moja, akatia alama upya.