Kata Kabla Hajajibu

Usiku wa Machi 21, 1980, televisheni ya CBS ya Marekani ilifunga msimu wa tamthilia ya Dallas kwa risasi mbili. J.R. Ewing, tajiri wa mafuta aliyeigizwa na Larry Hagman, yuko peke yake ofisini usiku. Anasikia kishindo, anatoka kutazama, anapigwa risasi na kuanguka. Aliyefyatua haonekani. Watazamaji walingoja hadi Novemba 21 kumjua, na usiku wa jibu inakadiriwa Wamarekani milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni zao.

Waandishi wetu wa tamthilia fupi za simu wanapotaka mwisho wa kumrudisha mtazamaji, wengi huiga ile risasi: mtu anaanguka, mlango unagongwa, simu inaita, muziki unapanda, "itaendelea". Wanachokiacha ni kazi iliyofanyika kabla ya risasi, nayo ndiyo iliyowarudisha watu.

Katika sehemu ile, J.R. anapita kwa mtu mmoja mmoja akimkosea. Mkewe Sue Ellen anaambiwa atarudishwa kwenye hospitali ya walevi, na baadaye tunamwona akichukua bastola. Wenzake wa biashara wamenunua kwake visima vya mafuta vya Asia ambavyo yeye alijua vinakaribia kutaifishwa, na sasa wamefilisika. Kristin, shemeji yake aliyekuwa pia hawara yake, anatishiwa kufunguliwa mashtaka ili auhame mji. Kwa hiyo risasi inapolia, mtazamaji tayari ana majina kichwani, na kila jina lina sababu yake. Atalala akibishana na jirani: ni mke, ni shemeji, ni mmoja wa waliofilisika. Jibu lilipotoka, alikuwa Kristin, na aliyemtaja tangu Machi aliona amelipwa.

Taharuki inayomrudisha mtu inahitaji swali ambalo yeye mwenyewe anaweza kulikisia. Mtu asiyemjua akigonga mlango, hana cha kukisia. Anaweza kungoja, anaweza pia kwenda kuangalia mpira.

Lakini Dallas ilikuwa na saa nzima ya televisheni kila wiki, na wahusika waliozoeleka kwa misimu kadhaa. Tamthilia ya dakika tano kwenye simu haina akiba hiyo. Haiwezi kubeba swali moja kubwa kwa miezi minane, kwa sababu mtazamaji hajawapenda wala kuwachukia wahusika kiasi hicho. Inahitaji maswali mawili kwa pamoja: moja kubwa la kuvuta tamthilia nzima, na dogo la kujibiwa kwenye sehemu inayofuata.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kikoba cha akina mama wa mtaa mmoja kinakaribia siku ya kuvunja. Sanduku lao, kama yalivyo masanduku mengi ya vikoba, lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanachama watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Siku ya mkutano linafunguliwa, halina kitu.

Mwandishi wa haraka atakata hapohapo: sanduku tupu, akina mama wanashika vichwa, muziki. Swali linalobaki ni "nani kaiba?", na mtazamaji hana pa kuanzia. Tena anajua kabisa kwamba swali la namna hiyo halijibiwi kesho, kwa hiyo hana haraka ya kesho.

Sasa tusogeze mkasi mbele kidogo. Katibu anazikagua kufuli, zote nzima. Mwenyekiti anawageukia wenye funguo: "Akina mama, ufunguo wa nani ulitoka nje ya mkono wake wiki hii?" Kamera inakwenda kwa Mama Iddi. Mwanzoni mwa sehemu hiyohiyo tulimwona akimpa mwanawe kitita cha funguo zake akafungue stoo, na ule mdogo wa kikoba ukining'inia humo. Tulimwona pia Iddi akirudi usiku na viatu vipya. Mama Iddi anafumbua mdomo. Kata.

Swali kubwa bado ni lile la mwizi. Lakini juu yake limeketi dogo na kali zaidi: je, Mama Iddi atamtaja mwanawe? Hilo kila mtazamaji anaweza kulijibu kwa niaba yake, na kila mzazi atalijibu kwa namna yake. Pia halivumilii kungoja, kwa sababu mdomo umeshafunguka. Angalieni mahali pa mkato: mhusika ameshabanwa kuchagua, ila hajachagua. Ukikata kabla hajabanwa, swali halijazaliwa. Ukimwacha aseme "ulitoka wangu", swali limekwishajibiwa na kilichobaki ni kilio.

Vile viatu na kile kitita cha funguo lazima vionekane mapema, na kwa sababu nyingine kabisa. Funguo zionekane kwa sababu stoo inafunguliwa, viatu kwa sababu mama anamgombeza kijana kwa kuchelewa. Kamera ikiving'ang'ania, mtazamaji atajua anategewa.

Sehemu ya pili ndiyo inayoharibu nyingi. Mlango uliogongwa kwa kishindo unafunguliwa, kumbe jirani kaja kuomba chumvi. Mtazamaji akifanyiwa hivyo mara mbili, ya tatu haimshtui tena. Dallas wenyewe walilipa gharama hiyo. Bobby Ewing alikufa mwisho wa msimu wa 1985, akatokea bafuni mzima mwaka uliofuata, na maelezo yakawa kwamba msimu wote uliopita ulikuwa ndoto ya Pam, aliyekuwa mkewe. Mwaka mzima wa machozi ya watazamaji ulifutwa kwa asubuhi moja, na wako wasioisamehe tamthilia ile hadi leo.

Kwa Mama Iddi, basi, sehemu ya pili ianzie kwenye mdomo ule uliofunguka, na jibu lipatikane ndani ya dakika ya kwanza. Tuseme anajibu: "Wangu haujatoka." Amesema uongo, na Iddi amesikia akiwa mlangoni. Swali dogo limelipwa, na malipo yenyewe yamezaa deni jipya, kwa sababu sasa mama na mwana wana siri moja na kila mmoja anajua mwenzake anajua. Mwisho wa sehemu ya pili tayari umeanza kujiandika.

Dalili za mwisho uliofeli zinaonekana mapema. Kwenye YouTube kuna mchoro unaomwonyesha mwenye video ni wapi watazamaji wanaachia. Sehemu ya pili ikifunguliwa na wengi, kisha mstari ukaporomoka mara tu baada ya jibu, maana yake swali liliwavuta lakini jibu halikuwapa sababu ya kubaki. Wakiwa wachache tangu mwanzo, rudini kwenye mkato wa sehemu ya kwanza. Someni pia maoni: watu wakiandika "wekeni nyingine" tu, wameipenda kazi, wakibishana kama mama atasema au hatasema, swali limewaingia. Tena angalieni picha ya juu ya video. Nimeona tamthilia nzuri zikijiua kwa kuweka kwenye picha ya sehemu ya pili mtu yuleyule aliyeachwa kufani katika ya kwanza, amesimama anacheka.

Kwa anayeandika sasa, ombi langu ni moja: usirekodi sehemu ya kwanza kabla hujaandika ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili. Ukikosa jibu la kuandika pale, badilisha swali mapema, ungali kwenye karatasi.