Hotuba ya Upande Mmoja wa Karatasi

Mwanafunzi wa Nangwa aliyekulia kwenye mahafali anajua hotuba inavyoanza: mgeni rasmi, mkuu wa shule, diwani, wazazi, na itifaki imezingatiwa. Sasa mweke Marekani, mwisho wa mwaka wake chini ya mpango wa YES, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao umewapeleka vijana wa sekondari, Watanzania wakiwamo, kuishi na familia za huko. Wanaomsikiliza ni baba, mama na watoto wawili walioko mezani. Itifaki ya mahafali haina pa kukaa hapo. Anapaswa kuwaaga kwa Kiingereza, kwa maneno kama mia mbili, ambayo yakisemwa bila haraka ni dakika mbili.

Rasimu ya kwanza huwa ileile: asante kwa kila kitu, mmenisaidia sana, sitawasahau. Hakuna kosa la sarufi, lakini hata familia ya jirani ingeweza kusomewa. Fundi wa hotuba humuuliza: siku gani hasa?

Tuseme alikuwa huko Desemba 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, jirani na kwao. Basi aandike hivi, kwa lugha ile ya kigeni: Matope yalishuka kutoka mlima wetu. Nilipiga simu nyumbani, haikupokelewa. Mama alizima jiko akakaa nami. Usiku kaka yangu alipiga. Kila sentensi ina tendo moja au mawili, yote ya wakati uliopita. Hakuna neno la kamusi, wala hakuna haja ya kusema kwamba mama yule ana upendo.

Mtego uko kwenye neno “alizima”. Kiswahili hakibagui mwanamke na mwanamume katika kitenzi; Kiingereza kinakulazimisha uchague kiwakilishi, na machozi yakikaribia, ulimi wetu humfanya mama kuwa mwanamume. Watoto watacheka, na pale pazito pataharibika. Wapo wanaorudia-rudia mazoezi mpaka ulimi unyooke. Mimi naona kuna njia bora: acha kumsimulia mama, mgeukie. Ulizima jiko, ukakaa nami. Kiwakilishi kinachosumbua kinatoweka, na hotuba inakuwa mazungumzo.

Baba naye apewe sentensi zake mbili, watoto moja moja. Wasilinganishwe kwa rula. Aliyefanya zaidi atajwe zaidi, na wenyewe wanajua. Mwaliko wa kuja Nangwa utolewe kama tunavyoutoa: njooni, kitanda kipo, makande yapo. Kuomba radhi kwa sababu ya Kiingereza kibovu kuachwe kabisa, maana kunakula nusu dakika na kuwafanya wenyeji waanze kumfariji msemaji.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu unayemsaidia kijana kuandika, mpe karatasi moja, aandike upande mmoja tu, kisha akusomee kwa sauti. Usimrekebishie misamiati. Pale anaposimama kumeza mate, hapo usiguse.