Nazali ya Kikongo inayoruka irabu

Kikongo huonyesha tendo lililokwisha kwa kiambishi -idi: tusukidi, "tuliosha". Ila "tulipanda" mbegu si tukunidi bali tukunini. Mzizi kun- una nazali, na nazali hiyo imeigeuza d kuwa n. Mzungumzaji wa Kiswahili, mwenye pikia na somea, amezoea irabu ya mzizi kuamua irabu ya kiambishi. Hapa kinachoshangaza ni umbali. Katika tunikini, "tulisaga", kati ya n mbili zimekaa i, k na i, na hakuna hata moja iliyobadilika.

Maelezo ya awali yalikuwa ya kusambaa: unazali hutoka kwenye n ukaelekea mbele. Tatizo ni kwamba tunajua kusambaa kwa kweli kunavyoonekana. Katika Kimalei, irabu zinazofuata nazali hutamkwa puani, na kipasuo kama k kikitokea, safari inaishia hapo. Kikongo hakifanyi lolote kati ya hayo.

Mwaka 2004, Sharon Rose na Rachel Walker walichapisha katika jarida la Language njia nyingine: hakuna kinachosafiri, bali konsonanti zinazofanana huunganishwa na kulazimika kupatana. Chukua kun- na -idi. Sharti la kwanza linadai n na d ziunganishwe, maana zote mbili ni konsonanti ghuna. Sharti la pili linadai zilizounganishwa zilingane kwa unazali. La tatu, lenye uzito mdogo kuliko hayo, linataka kila sauti ibaki ilivyo. Tukunidi isiyo na kiungo inavunja la kwanza. Yenye kiungo inavunja la pili. Tukunini inavunja la tatu tu, basi ndiyo inayoshinda. Katika tunikini, k haina ughuna, haifanani vya kutosha na n, hivyo haihusiki. Irabu nazo hazikuwahi kuwa kwenye hesabu.

Mpaka hapa mambo ni mazuri. Kisha inakuja tubingidi, "tuliwinda". Mzizi una ng, lakini d imebaki d. Katika tumantini, "tulipanda" mlima, m imefanya kazi yake huku nt ikikaa katikati bila kuchochea wala kuzuia. Hapa inabidi kuongeza kwamba nazali iliyoshikana na kipasuo haina nafasi sawa na konsonanti iliyosimama peke yake, hivyo haiunganishwi nayo. Kwangu nyongeza hii ni dhaifu kuliko sehemu nyingine za hoja. Nazali ya kiambishi awali nayo haihesabiwi, kama katika mbudidi, "nilipiga", kwa kuwa uwiano unaishia ndani ya shina.

Umbali nao una mpaka katika lugha nyingine. Kilamba cha Zambia kina -minine, kutokana na kumeza, lakini kina -masile, kutokana na kukandika, siyo -masine. Huko kiungo hudaiwa tu pale konsonanti mbili zinapokuwa katika silabi zinazofuatana.